Jibu la Mistari Minne

Kila akitoka shule, Cherehani hupitia saluni ya mama yake kufagia nywele na kuokota habari za mtaa. Jina hilo alipewa na wateja, kwa kuwa mdomo wake ukishaanza, uzi haukatiki.

Jumatatu hiyo, akitafuta kalamu mkobani, aliibua mwaliko wa mkutubi. Jumamosi chumba cha watoto kingefunguliwa maktabani, naye aliombwa asome ukurasa mmoja mbele ya wageni. Nafasi hiyo aliililia mwaka mzima. Chini iliandikwa: nijibu kabla ya Ijumaa, nichapishe ratiba. Ijumaa yenyewe ilishapita.

Saluni ikageuka kamati. Mwenye rola kichwani akashauri aseme aliumwa. Mwingine akaona bora asingizie mvua. Wa tatu akasema dawa ni moja tu, aandike kuwa amefiwa na bibi yake.

Bibi mwenyewe alikuwa kwenye sinki akioshwa nywele. Akainua kichwa chenye povu. "Jamani, nizikeni nikishasuuzwa."

Walipomaliza kucheka, Cherehani alijaza kurasa mbili: mitihani, mafua, mdogo wake, mkoba uliochanika. Mama akazisoma, kitana mkononi.

"Sasa mwanangu, unakwenda au huendi?"

"Nakwenda, mama."

"Umesema wapi?"

Cherehani akapekua kurasa zote mbili. Hakuona.

Akaanza upya, mama akisuka na kusikiliza:

*Shikamoo. Asante kwa mwaliko. Nilitakiwa kujibu kabla ya Ijumaa nikasahau, naomba radhi. Ningependa sana kusoma. Kama nafasi umeshampa mwingine nitaelewa, na bado nitakuja kusikiliza.*

"Nisijitetee hata kidogo?"

"Kosa umelitaja, radhi umeomba. Ukizidisha hapo, unamtwisha yeye kazi ya kukubembeleza."

Akaipeleka barua mwenyewe maktabani kabla hawajafunga. Mkutubi alisoma amesimama, akamaliza kabla Cherehani hajapata pa kuweka mikono.

"Ratiba imeshachapishwa," alisema. "Ukurasa wako atausoma mwenzako."

"Sawa, mwalimu," alisema Cherehani. "Nitakuja kusikiliza."

Mkutubi akamwonyesha bahasha tatu mezani. Nazo zilichelewa, alieleza, na zote zilijaa magonjwa na misiba. Alizisoma mpaka mwisho na hadi sasa hajui awawekee walioziandika viti au asiwawekee.

"Wewe najua unakuja. Basi nahitaji mtu wa mlangoni, wa kukaribisha wageni na kuwaonyesha vitabu. Mtu asiyechoka kuongea."

Jumamosi Cherehani alisimama mlangoni akiongea kwa furaha mpaka sauti ikakauka. Bibi alikaa mstari wa mbele, nywele zimesukwa zikasukika, akimwambia kila jirani kwamba yeye ndiye yule marehemu.

Njiani kurudi, mama alimshika mkono. "Umeona? Kuchelewa kujibu ni kosa, lakini kunyamaza kwa aibu ni kosa la pili, na maneno mengi ni la tatu. Jibu mara ukumbukapo, omba radhi mara moja, kisha sema unakuja au huji."

Cherehani akaitikia kwa neno moja tu, jambo ambalo mtaani halijawahi kutokea.