Kwa Nini Wifi Alifunika Cherehani

Bi Mkasi na wifi yake, mke wa kaka yake, walishona nguo katika chumba kimoja. Bi Mkasi alisali msikitini. Wifi alisali katika kanisa la walokole, yaani watu waliookoka. Utani wao haukuisha.

"Mlokole, maombi yamekwisha? Nipe chaki."

"Subiri, swala tano. Chaki haikimbii."

Walicheka, wakaendelea kushona.

Siku moja mteja alikuja kuchukua gauni. Halikuwa tayari. Bi Mkasi alikuwa amekosea kukata mkono wa gauni hilo, akaona haya kusema.

"Tatizo ni huyu mwenzangu," alisema. "Walokole ndivyo walivyo. Kusali kwingi, kazi hakuna."

"Nawajua hao. Wanafiki tu," mteja alidakia.

Wifi aliinuka. Alifunika cherehani yake. "Kesho natafuta chumba changu," alisema, akaondoka.

Jioni Bi Mkasi alimlalamikia mama yake, aliyekuwa akikunja nguo.

"Amenuna bure, mama. Mbona wenyewe wanaitana walokole?"

"Wakiitana wao, ni fahari yao. Wewe ukimtania, anajua unampenda. Lakini leo umemsingizia kosa lako, tena umewapaka matope watu wote wa kanisa lake. Hapo jina limebeba dharau."

"Nilikuwa natania."

"Na mteja alikuwa anatania?"

Bi Mkasi alichukua nguo moja, akaanza kuikunja.

"Haya," mama aliendelea. "Wifi yako angemwambia yule mteja, 'Swala tano hawa, kazi yao kuiba vitambaa.' Ungecheka?"

"Ningemrukia."

"Na kila siku anakuita hivyo, nawe unacheka meno yote nje. Ndiyo maana tunaangalia nani anasema, anamwambia nani, na kwa nia gani. Maneno mengine usiyaguse hata kwa utani. Neno kafiri lina maana yake katika mafundisho ya dini, lakini ukimwita jirani hivyo usoni, umemtukana."

Bi Mkasi aliona aibu. Hakutaka kabisa kushona bila wifi yake. "Basi naenda kumwomba radhi sasa hivi."

"Ulimchafua mbele ya mteja. Msafishe mbele ya mteja."

Asubuhi mteja alirudi. Wifi alikuwa anafunga vitu vyake.

"Mkono wa gauni niliukosea mimi," Bi Mkasi alimwambia mteja. "Mwenzangu hakuhusika. Na watu wa kanisa lake niliwatukana bure. Wifi, nisamehe."

Mteja alitazama chini. "Na mimi niliropoka. Samahani, dada."

Wifi alivuta kiti. "Nimesamehe. Lakini yale ya mlokole yaache kwanza. Niite wifi."

"Sawa, wifi."

Bi Mkasi alishika neno lake. Utani ulirudi polepole, ila jina lile hakuligusa. Hata mteja alipouliza, "Yule mlokole yuko wapi?" yeye alijibu, "Wifi yangu anakuja."

Siku moja aliomba uzi mweusi.

"Jichukulie mwenyewe," Wifi alisema huku akicheka. "Mlokole wako mikono imejaa."

Bi Mkasi aliinua kichwa. Alifurahi hadi machozi yakamlengalenga.

"Ahsante, mlokole wangu," alisema, akaenda kuchukua uzi.