Vigae vya Ua wa Shiferaw

Shiferaw alikuwa mlinzi wa usiku katika nyumba za ghorofa mjini Adama. Wakazi walichanga pesa zao, birr kwa birr, wakaagiza vigae vya saruji vya kutandaza uani, ili Mwaka Mpya usiwakute kwenye matope tena. Vilifika vimepangwa tabaka juu ya tabaka kwenye chaga nane za mbao. Muuzaji alisema kila chaga ina vigae hamsini na vinne.

Chaga saba zilipokwisha kutandazwa, hesabu haikutimia. Muuzaji, Bwana Tesema, alipopigiwa simu alijibu kwamba labda mlinzi anajua vilikoenda. Maneno yakapanda ngazi. Kufikia asubuhi, mama wa ghorofa ya pili hakuitikia salamu ya Shiferaw.

Fundi wa ua, dada mmoja aitwaye Zenebech, alimkuta akihesabu kigae kimoja kimoja, hesabu imempotea mara ya tatu.

"Kaka, ukihesabu hivyo utazeekea hapa," alimwambia. "Hesabu mistari."

Akamwonyesha. Mistari kumi na minane, kila mmoja vigae ishirini: mia tatu na sitini. Penye tangi la maji hapakutandazwa. Pangemeza vigae ishirini. Wakatoa. Vikabaki mia tatu na arobaini. Vilivyovunjika kazini walivipanga chini, kipande kwa kipande, vikatimia vitatu. Jumla, mia tatu arobaini na vitatu.

"Chaga saba zilipaswa kutoa mia tatu sabini na vinane," Zenebech alisema. "Pungufu thelathini na tano. Gawa kwa saba."

Shiferaw aligawa. Vitano kila chaga, sawasawa. Mwizi gani huyu anayeiba kwa kipimo?

Chaga ya nane ilikuwa bado imefungwa kamba. Wakamwita Bwana Tesema, wakazi wakazunguka, kamba ikakatwa mbele ya wote. Tabaka la juu lilikuwa kamili, vigae tisa. Chini yake, kila moja ya tabaka tano lilikuwa na vinane tu. Katikati palijazwa vifusi.

"Na hivi vya katikati navyo kavila mlinzi, kamba ikiwa imefungwa?" mama wa ghorofa ya pili alimuuliza Tesema. Watu wakacheka.

Zenebech alikiri kwamba vifusi alikuwa akiviona, akidhani ni vigae vilivyovunjika njiani. Kosa lao wote, alisema, ni kutia sahihi ya kupokea mzigo kabla ya kufungua hata chaga moja. Bwana Tesema aliomba radhi kwa Shiferaw, akasema wapakiaji wake atawauliza mwenyewe. Kesho yake alileta vigae arobaini, vitano kwa kila chaga. Safari hii gari lilisubiri: kila tabaka lilihesabiwa, kisha ndipo sahihi ikatiwa.

Siku ya Mwaka Mpya ua ulikuwa mkavu, mwepesi kwa miguu. Kahawa ilikaangwa, ngoma ikaanza. Mama wa ghorofa ya pili alimvuta Shiferaw katikati, na mlinzi akacheza kwa mabega mpaka kofia ikamdondoka.