Muulizaji wa Pembeni ya Kamera

Wifi alijibu swali ambalo hakuna mtu aliyeliuliza.

Mwanzoni mwandishi alicheka. Walikuwa wameazima chumba cha chai cha ofisi moja siku ya mapumziko, wajaribu skripti yake: filamu ya mzaha inayojifanya ya kweli, kuhusu kamati ya chai iliyojiona baraza la mawaziri. Wifi yake, dada wa mumewe, ndiye aliyeigiza mweka hazina wa kamati.

"Usichekeshe, wifi yangu," alimkumbusha. "Kamati haijui kwamba inachekesha. Kwako kijiko cha pili cha sukari ni kufa na kupona. Ukitabasamu tu, mzaha umekufa."

Ndivyo alivyoisuka. Kwenye mahojiano mweka hazina anaapa kwamba hana upendeleo. Picha inakatika, tunamwona akificha biskuti kwenye droo, anagundua kamera, anaganda. Maswali ya muulizaji hayasikiki kamwe, hukatwa yote, yakabaki majibu tu. Kwa hiyo pembeni ya kamera mwandishi aliweka kiti kitupu, macho ya wifi yapate pa kutua.

"Sukari naipima mwenyewe," wifi alikiambia kile kiti, mkavu kama inavyotakiwa. Kisha akainamisha kichwa, kama anayesikiliza. "Hapana. Mama hakuniaga."

Hilo halikuwamo kwenye skripti. Mama mkwe walikuwa wamemzika mwaka uliopita.

"Unaongea na nani?"

"Si huyu anayeuliza?" wifi alinong'ona.

Birika, ambalo hakuna aliyeliwasha, likaanza kunguruma. Ikaja harufu ya udongo mbichi. Kiti kikalia kri, kama mtu mzito anayejisogeza mbele ili asikie vizuri, na mwandishi akaona kitambaa cha kiti kimebonyea na kinazidi kubonyea, na wifi analia bila sauti huku akijibu, ndiyo, ana wifi, ndiyo, ndiye huyu anayeandika, ndiyo, wanawe wawili wako nyumbani na baba yao, na mlango wa nyuma huwa...

Mwandishi aliruka akamziba mdomo. Alikuwa ameielewa kazi yake mwenyewe: katika filamu hizi muulizaji haonekani wala hasikiki, anaishi ndani ya majibu tu. Akikosa wa kumjibu, hayupo.

"Usimjibu! Kwa hisani yako, wifi, usimjibu!"

Wifi alifurukuta, akamng'ata kiganja. Mwandishi hakuachia. Birika likapiga mluzi, kiti kikatikisika mpaka kikagonga ukuta, kisha ghafla vyote vikatulia. Kitambaa kikajaa taratibu, harufu ikapotea.

Waliketi sakafuni wakihema, damu ikichuruzika kiganjani.

"Ameondoka," mwandishi alisema. "Tumshukuru Mungu. Skripti hii naichoma leo leo."

Wifi alimtazama kwa macho ambayo hakuwahi kumtazama nayo, tangu siku mwandishi alipoolewa katika ukoo ule.

"Swali la mwisho lilikuwa kama nataka kumwona mama," alisema polepole. "Wewe choma. Maneno yangu nimeshayashika kichwani, na kiti kitupu hakikosekani."