Heri Iliyochelewa Kupanda Mgeta

— Futa!

— Dada, nimeandika nusu saa.

— Futa, Severin. Huo ni ujumbe wa siku ya kuzaliwa au hati ya kujishtaki?

Severin, fundi redio wa Mji Mpya, aliishika simu kama kifaranga. Mwaka ule simu za mkononi ndiyo kwanza zilikuwa zimeingia Morogoro, na kila herufi ilidai kubonyezwa mara tatu. Dada yake Jesca alikuwa akimsuka mteja, macho kwenye nywele, masikio kwa mdogo wake.

Kosa lilikuwa moja: siku ya kuzaliwa ya Felista, mchumba wake wa Mgeta, ilipita juzi naye kutwa akiwa ameinamia redio za watu. Na Jumapili mshenga, Mzee Anselmi, alikuwa apande mlimani kwa baba yake Felista. Severin aliogopa kumkosa binti kwa ajili ya tarehe.

— Basi niandike kwamba umeme ulikatika, kisha wateja wakanisonga...

— Ala! Aliyezaliwa ni Felista au umeme?

Mteja akacheka mpaka msuko ukapinda.

— Sema umechelewa, mara moja, kwa utani, kisha mpishe mwenye siku yake apite. Usimwombe akujibu. Usimwambie ulivyoumia. Ukilia wewe, atakubembeleza nani? Si yeye? Mtajie kitu chake unachokipenda, mtakie mema, ishia hapo.

Severin akafuta, herufi moja moja. Hakumwambia dada yake kuwa alfajiri alikwisha tuma ujumbe mwingine.

Simu ikaita mkononi mwake. Nusura aiangushe.

— Severin! Uko wodi gani?

— Wodi? Felista, niko saluni.

— Saluni? Na kufa je?

— Nani anakufa?

— Wewe! Shangazi Josephina kapanda jiweni kutafuta mtandao, kausoma ujumbe wako kwa sauti, watu wote wakisikia. "Felista, mimi si mtu. Sijala, sijalala. Moyo unanivuja. Usiponijibu leo, nakufa." Katekista kaanzisha rozari, wako fumbo la tatu sasa!

Jesca, aliyesikia kila neno, aliacha kusuka. Alimtazama mdogo wake kama anayemtazama mbuzi aliyeingia jikoni.

— Felista, nilikuwa naomba radhi kwa siku yako ya kuzaliwa.

Nyuma ya Felista zilisikika sauti zikiitikia Salamu Maria.

— Siku yangu ya kuzaliwa imeandikwa wapi humo?

Severin akaupitia ujumbe wa alfajiri kichwani. Ni kweli. Katika kujilaumu kote kule hakuwa ameandika heri hata moja.

— Juzi nilingoja neno lako mpaka jua likazama, Severin. Leo nimeshinda nikikulilia wewe. Na baba anasema mwanaume anayekufa kwa ajili ya meseji hampi binti. Anataka mshenga wako asipande.

Ilimchoma. Alitaka kuanza, "Nisamehe, mimi mjinga sana," lakini Jesca alimnyooshea kitana usoni. Akavuta pumzi.

— Felista.

— Naam.

— Heri ya siku ya kuzaliwa. Imechelewa siku mbili, samahani, ilipanda Mgeta kwa miguu. Nafurahi ulizaliwa. Ukishuka sokoni huku mjini unawapandishia madalali bei bila kupaza sauti, wanaondoka wakidhani wao ndio wameshinda. Mwaka huu wakuogope zaidi. Karoti zako zinenepe, na mvua ije kiasi. Leo kula kitu kitamu, usimpe mtu.

Jesca aliweka kitana chini. Upande wa pili palisikika pumzi, kisha kicheko, kile cha Felista kinachoanzia puani.

— Kumbe uliniona kwa madalali?

— Kila Jumamosi. Ndiyo maana redio za watu zinachelewa.

— Sema tena, shangazi hajasikia.

Kule mlimani simu ikahamia mkononi mwa shangazi.

— Shikamoo shangazi.

— Marahaba. Hebu tusikie, marehemu.

Severin akarudia yote, jasho likimtiririka. Rozari ilikwisha nyamaza. Watu wa jiweni walikuwa wakisikiliza. Alipofika kwenye madalali, mzee mmoja alicheka kwa sauti nene.

— Huyo ni baba, Felista akanong'ona aliporudishiwa simu. Anasema mshenga apande, lakini ujumbe wa alfajiri hataki kuusikia tena.

— Na wewe, unasemaje?

— Mimi? Shangazi alikwisha pika uji wa mgonjwa, sufuria zima. Nitaunywa mimi, na sukari yote, maana umesema nisimpe mtu.

Kisha, kabla simu haijakatika:

— Severin, mwakani kumbuka.

— Nitakumbuka.

— Ukisahau, usife. Niambie heri tu.