Nilimwambia Mdogo Wangu "Nimekubali"

"Dada, maiki nimeshaiuza. Kesho asubuhi narudi nyumbani Masasi."

Ndivyo alivyonipokea mdogo wangu Anuari, Jumamosi jioni, nimetoka kazini miguu imevimba. Begi lake lilikuwa kitandani, limeshajaa nusu.

Nilikaa kwenye stuli pale mlangoni. Nilijua na mimi nina mkono wangu humo... sikujua tu ni mkubwa kiasi gani.

Ngoja niwarudishe nyuma.

Naitwa Mwanne. Nauza vitenge kwenye duka la watu pale Kariakoo, naishi Magomeni na huyo Anuari. Kutwa nzima nimesimama. Nashusha majora, napima, nakunja, napandisha. Mteja anasema nionyeshe ile ya juu kabisa, nikiishusha anasema alikuwa anaangalia tu.

Anuari anashinda ghalani akipakua mizigo, simu wanaziacha getini mpaka jioni. Lakini ana sauti huyo mtoto. Akanunua maiki, akaanza kutafsiri muvi. Mnazijua zile, Wakorea wanaongea chao, halafu Mswahili mmoja anaongea juu yao wote, awe baba, awe mama, awe polisi.

Akamaliza ya kwanza. Jumatatu akanipa flashi.

"Dada, iangalie mpaka mwisho kabisa. Wewe ndiye wa kwanza. Alhamisi naipeleka kwa Haruna."

Haruna ana banda la muvi Kariakoo, ndiye anayewajazia watu kwenye flashi zao. Alishampa Anuari sharti lake.

"Nakuwekea wiki moja. Watu wakikupigia simu kutaka muendelezo, tunafanya kazi. Wasipopiga, tusisumbuane."

Mnaona uzito wake? Wiki moja tu.

Jumatatu jioni nikachomeka flashi kwenye tivii. Ndani kuna vitu viwili: muvi ya Anuari, na tamthilia yangu ya zamani, ile ya mama mkwe na wakwe zake watatu. Nimeshaiangalia yote mara sita.

Nikabonyeza ya Anuari. Naapa nilibonyeza.

Dakika ya kwanza wametokea watu wanne. Huyu nani? Yule mwenye koti ni mume au kaka? Nikarudisha nyuma. Nikajibu meseji moja kwenye simu, kuinua macho mtu ameshapigwa risasi, simjui aliyepigwa wala aliyepiga. Nikarudisha tena. Wali unapoa. Kichwa changu kilikuwa kimejaa sentimita na rangi za watu, hakikuwa na nafasi ya kumbeba mgeni hata mmoja.

Dakika ya sita nikasema, nitaiangalia kesho nikiwa na akili.

Nikaweka mama mkwe, sehemu ya kumi na nne.

Jamani, raha yake! Najua kofi linakuja saa ngapi. Najua mkwe mdogo atajibu nini, namjibia mimi kabla yake. Naweza kula nimeangalia sahani, naweza kufumba macho nikasikiliza sauti tu na nisipotee. Ile sehemu mtoto anakufa huwa nairuka. Hakuna kitu kipya cha kunishtua, na mwili unalegea polepole kama umeuvua viatu.

Jumanne ikawa hivyohivyo, hata zaidi. Na Jumanne sikubonyeza ya Anuari kabisa. Nilizunguka na remoti kwenye yale majina mawili dakika kumi nzima, kama kuna la tatu litakalojitokeza, kisha nikarudi kwa mama mkwe wangu.

Jumatano jioni Anuari akaniuliza. Alikuwa amesimama, hata shati la kazini hajavua.

"Umeiangalia, dada?"

"Nimeiangalia."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Na lile la mwishoni... umekubali?"

Nikadhani ananiuliza kama mwisho umenoga.

"Nimekubali kinoma, mdogo wangu. Peleka tu."

Akacheka mpaka akanikumbatia. Nilijisikia vibaya, sitawaficha. Nikajiambia nitaiangalia Jumapili, uongo utakuwa umeshakuwa kweli.

Jumapili nikafua.

Sasa wiki iliyofuata matapeli wakanivamia. Niko juu ya ngazi na jora begani, simu inaita, namba ngeni.

"Halo, dada, nataka muendelezo."

"Muendelezo wa nini?"

"Si wa ile ya..."

"Kaka, katapeli kwenu."

Nakata, naifungia namba. Dakika kumi baadaye mama mmoja, eti mzigo utafika lini Mbagala. Nafungia. Mwingine anaita kutoka Morogoro, anasema hapo ni ofisini? Nafungia. Mjini hapa kila siku mtu anakuambia ile hela tuma kwenye namba hii, nani atakuwa na subira?

Jioni Anuari ananiuliza, "Leo vipi, kuna simu?"

"Matapeli tu," nilimjibu, macho kwenye tivii. Nilidhani anapiga stori.

Akaenda kuoga. Kila siku aliuliza, kila siku nilimjibu hivyo. Ijumaa Haruna akamwambia wiki imeisha.

Ndiyo tukafika kwenye lile begi.

Jumapili alfajiri nikamsindikiza stendi. Hakunilaumu. Alisema tu, "Angalau wewe uliipenda."

Sentensi hiyo nilirudi nayo mpaka nyumbani. Saa nne asubuhi, nimelala vya kutosha, nikaweka simu kwenye kabati na kuchomeka flashi.

Wale watu wanne? Dakika ya tisa tu nilishawajua wote. Tatu tu zilikuwa zimebaki ile Jumatatu. Na Anuari alivyoifanya sauti ya mama mwenye mgahawa, nilicheka peke yangu, kisha nikalia, maana alikuwa anamuiga marehemu mama yetu.

Muvi ikaisha. Majina yakaanza kupanda. Sauti yake ikarudi.

"Kazi hii ni ya dada yangu Mwanne, anayesimama kutwa ili mimi nikae. Mimi mchana simu sina. Ukitaka muendelezo, msimamizi wetu ni yeye, na kama unasikia hapa ujue ameshakubali. Mpigie..."

Akaitaja namba. Tarakimu kwa tarakimu.

Namba yangu.

Nikafungua kabati. Namba nilizozifungia zilikuwa thelathini na nne.

Nikampigia. Basi lilikuwa limeshapita Kibiti kitambo.

"Anuari, watu walipiga. Walipiga wengi. Mimi nikawafukuza."

"Lakini dada, si ulisema umekubali?"

"Sikuiangalia. Dakika sita tu."

Nilisikia injini ya basi na mtoto wa mtu analia.

"Na mama mkwe?"

"Namalizia mara ya saba."

Akakata.

Wale thelathini na nne niliwapigia mmoja mmoja. Wengi walishapata muvi nyingine. Tisa walisema bado wanamsubiri kijana mwenye sauti ile. Nikazirekodi sauti zao, nikamtumia Anuari. Alikaa wiki tatu bila kunijibu.

Wapendwa, kurudia kitu unachokijua ukiwa umechoka si kosa. Mimi bado narudia. Kosa langu lilikuwa ni kuona aibu kusema nimechoka, nikaona heri kumsifia mtu kazi yake bila kuiona. Mtu anayesubiri neno lako, mwambie hujaangalia. Atasubiri siku mbili, hatafunga begi.

Jana jioni Anuari ametuma kazi mpya. Ameirekodi kwa simu huko Masasi, ndani ya kabati la nguo ili sauti isivume. Nilikuwa nimetoka dukani, siisikii miguu. Nikamwandikia:

"Leo nimechoka, sijaiangalia. Kesho asubuhi, mpaka mwisho."

Jibu lake likaingia.

"Sawa, dada. Hiyo sasa nimeikubali."