Uso wa Golikipa

Hakuwa na gari, hakuwa na suti, hakuwa na subira, na kubwa kuliko yote, hakuwa na adabu ya kuuliza kwanza. Fundi huyu wa mabango alikuwa na kompyuta, mashine ya kuchapa na mdomo mtamu.

Kwa mdomo huo alimpata Sista, muuguzi aliyeingia dukani saa ya foleni kutoa nakala ya cheti chenye picha yake, gauni jeupe limenyooshwa kwa pasi hata mkunjo hauonekani.

"Picha hii haikutendei haki," Fundi alimwambia.

"Na wewe foleni huitendei haki. Fanya kazi!"

Watu wakacheka. Mapenzi yakaanzia hapo.

Yaliharibika siku ya kuzaliwa ya Sista. Fundi aliukata uso wa mpenzi wake kutoka picha ya simu, akaupachika juu ya mwili wa kuku, akachapa bango na kulibandika mlangoni mwa wodi yake. Wagonjwa wakamwita Mama Kuku. Sista akalibandua, akaacha kupokea simu.

Sasa kaka zake wameleta kazi. Baba yao anatimiza miaka sabini; wanataka bango la kuchekesha, familia nzima ni timu ya mpira, dada yao golikipa. Picha yake wameileta.

"Bandika tu, shemeji. Bethidei ya mzee, atakataaje?"

Fundi akabandika. Akafuta. Akapiga simu, akapiga tena, mpaka ikapokelewa.

"Unataka nini?"

"Ruhusa, mpenzi."

"Mpenzi yupi? Mimi rafiki tu. Andika barua."

"Si tumalizane hapa hapa?"

"Kwenye simu unanichekesha, naitikia kabla sijafikiri. Andika!"

Ikakatwa.

Barua ya kwanza ilijaa mashairi, akaichana. Ya pili ilisema "najua hutakataa." Huko ni kumfunga mtu mikono, akaichana nayo. "Bango moja tu, jamani!" alifoka, akatupa kalamu, akainama kuiokota.

*Rafiki yangu,*

*Naomba kutumia uso wako kwenye bango la mzee. Picha ni ile ya harusi ya kaka yako, uso tu. Golikipa ameruka, mpira umempita; kichekesho ni mpira, si umbo lako. Litatundikwa sebuleni kwa mzee siku hiyo tu, wala sitaliweka mtandaoni. Utaliona kabla sijachapa, na hata hapo unaweza kubadili nia. Ukikataa, usinipe sababu. Kaka zako nitawaambia nimeamua mimi kukuacha nje. Ukinyamaza, nitajua umekataa. Baada ya sherehe nitaifuta picha.*

*La kuku sikuuliza. Nilikosea. Hilo lisikulazimishe kunijibu ndiyo.*

Alitamani kuongeza "nakupenda." Kalamu ikasogea, ikasita. Hapana, hiyo ingekuwa rushwa.

Akaambatisha mchoro: glavu, jezi, mpira wavuni. Pahali pa uso aliacha peupe. Akalamba gundi, akaibana bahasha kwa kiganja, akaenda mwenyewe kuitumbukiza kwenye sanduku la barua la posta.