Miavuli ya Bibi Mathilde

Kila Jumatano baada ya shule, Faida alipitia posta ya Kasongo kabla ya kwenda nyumbani. Lori la barua kutoka Kabambare lilifika siku hiyo, kama mvua haikuharibu barabara, na kesho yake asubuhi lilirudi. Jumatano moja ya mwaka wa 1956, karani alimpa bahasha nene kutoka kwa rafiki yake.

"Ya Mado tena," alisema karani akiipima mkononi. "Leo iko nzito. Ametia mchele ndani?"

Faida alicheka, akakimbia nyumbani. Mama yake, Mama Nuru, alikuwa barazani akishona gauni la mteja kwa cherehani. Faida aliketi kando yake, akafungua bahasha. Zilianguka foto mbili. Akasoma barua kwa sauti:

"Dada Faida, kaka yangu Octave anaoa. Bibi Mathilde alitoa mchele wake wote wa msimu akanunua kikwembe cha waksi, kile kitenge cha bei kubwa, zawadi kwa mama mkwe wa Octave. Alikinunua kwa mchuuzi aliyepita na baiskeli. Sasa baba mdogo anasema si waksi. Bibi amekasirika, hataki kusikia. Wanawake wa ukweni watakigeuza-geuza mbele ya watu wote, unajua wanavyofanya! Kama si cha kweli, watasema tumemdharau binti yao. Mama yako ni mshonaji. Mutazame foto, mutuambie. Zimebaki wiki tatu."

Faida aliikunja barua. Likizo iliyopita alikuwa Kabambare kwa akina Mado, akashikwa na malaria. Usiku tisa Bibi Mathilde, bibi yake Mado, alilala chini kando ya kitanda cha Faida, akimnywesha uji kijiko kwa kijiko. Faida alichukua kalamu.

"Unaandika nini?" aliuliza Mama Nuru.

"Kwamba ni waksi nzuri sana."

"Umekwisha kutazama?"

"Bado. Lakini, mama, nitamwambiaje Bibi Mathilde neno baya? Yule aliniponyesha!"

Mama Nuru alisimamisha cherehani. "Na siku wanawake wa ukweni watakapokigeuza, aibu itakuwa ya nani? Yako wewe uliye Kasongo, au ya bibi aliyekuponyesha?"

Faida aliweka kalamu chini.

Mama aliingia ndani, akatoka na kikwembe chake cha harusi chenye majani makubwa, pamoja na kioo cha kukuzia vitu vidogo cha baba yake Faida, aliyekuwa fundi wa saa.

"Tuanze na hiki tunachokijua," alisema. "Waksi hupigwa nta pande zote mbili, kisha kitambaa kinatumbukizwa katika rangi. Penye nta rangi haiingii. Ndiyo maana ukikigeuza, nyuma ni kama mbele. Unaona? Sasa tazama mistari hii myembamba kama mishipa. Nta ikikauka hupasuka, na rangi hupenya kwenye nyufa. Nitafutie majani mawili yaliyopasuka sawasawa."

Faida alisogeza kioo kutoka jani hadi jani. Moja lilikuwa na mishipa mitatu, jingine mmoja uliopinda, jingine halikuwa nayo kabisa. Alitafuta mpaka shingo ikamuuma.

"Hakuna, mama."

"Hakuna, kwa sababu nta haipokei amri ya mtu. Inapasuka inavyotaka. Haya, lete foto."

Foto ya kwanza ilionyesha kikwembe kimeanikwa kwenye kamba, karibu sana. Kilikuwa na miavuli mikubwa iliyofunguliwa. Faida aliweka kioo juu ya mwavuli wa kwanza. Aliona mshipa ulioanzia kwenye mpini, ukapanda, ukagawanyika mara mbili. Akaenda kwenye wa pili. Mshipa kwenye mpini, ukapanda, ukagawanyika mara mbili. Wa tatu vilevile, na wa nne.

"Mama! Miavuli yote imepasuka pahali pamoja!"

"Basi haikupasuka," alisema mama polepole. "Mtu aliichora mishipa kwenye mashine, na mashine ikairudia. Tazama na ya pili."

Katika foto ya pili Mado alikuwa amekivaa, na upepo ulikuwa umeinua pindo. Upande wa ndani ulionekana mweupe-mweupe, miavuli ikiwa kama kivuli tu.

"Hii peke yake nisingeisemea," alisema Mama Nuru. "Jua kali linaweza kufifisha kitu ndani ya foto. Lakini pamoja na ile mishipa, naona ni kitambaa kilichochapwa upande mmoja. Si kitambaa kibaya, sikiliza vizuri. Watu wanakivaa. Ubaya ni wa aliyekiuza kwa jina la waksi."

Faida aliandika: *Mado, mulidanganywa.* Mama alisoma, akatikisa kichwa.

"Umemvamia mtu mlangoni. Wewe mwenyewe ungependa uambiwe hivyo? Anza na lile lililo moyoni mwako kwanza."

Aliandika tena, akafuta, akaandika. Mwisho barua ilisomeka hivi:

"Dada Mado, salamu nyingi, na kwa Bibi Mathilde salamu za mtoto wake aliyemwuguza usiku tisa. Sijasahau hata kijiko kimoja cha uji. Kwa sababu hiyo ninataka kumwambia ukweli, si maneno matamu.

Mimi na mama tumetazama foto kwa kioo. Tunadhani kikwembe si waksi. Tazameni mishipa midogo ndani ya miavuli: yote iko sawasawa, na nta ya kweli haipasuki mara mbili kwa namna moja. Pia upande wa ndani unaonekana umefifia. Lakini sisi tumeona foto tu, ninyi munacho mkononi. Mukigeuze juani, mulinganishe mbele na nyuma, kisha mulinganishe miavuli miwili. Mukiona tofauti na tulivyosema, tumekosea sisi, na nitafurahi.

Bibi hakukosa kitu. Mishipa ilichorwa ili mtu asitambue kwamba si waksi. Mama anasema hata yeye, bila kioo, pengine angekinunua."

"Kweli ungekinunua?" aliuliza Faida.

"Ningekinunua," alijibu mama. "Nisingekubali uandike uongo."

Barua iliondoka na lori Alhamisi. Jumatano iliyofuata hakukuwa na jibu. Ya pili, hakuna. Ya tatu, karani alitikisa kichwa tu, hata mzaha hakufanya. Faida alikosa hamu ya kula. Alihisi amempoteza rafiki.

Jumatano ya nne bahasha ilikuja.

"Dada Faida, unisamehe, Bibi alinikataza kuandika mpaka sherehe ipite. Siku ya kwanza alinuna. Siku ya pili alikigeuza juani, akalinganisha miavuli yote. Siku ya tatu akasema, 'Tunaenda.' Alikwenda mwenyewe kwa mama mkwe, kabla ya sherehe, akamwekea kikwembe magotini. 'Niliuziwa hiki kama waksi,' akasema, 'na waksi siyo. Nakuletea kwa jina lake la kweli. Kingine kitakuja mpunga ukivunwa.' Yule mama alikitazama sana, tukaogopa. Kisha akacheka mpaka machozi, akaingia ndani, akatoka na kikwembe cha miavuli ileile! 'Hata mimi iko nacho,' akasema. 'Yule mutu wa baiskeli alitupitia sisi wote!' Akamwachia Bibi kimoja, na siku ya harusi walivaa sare, wao wawili. Bibi anasema asante. Anasema uje likizo, lakini safari hii usije na malaria."

Faida alicheka huku akijifuta macho kwa mkono wa gauni. Mama Nuru aliichukua barua, akaisoma mwenyewe taratibu, kidole chini ya kila neno, kama walivyomfundisha katika darasa la jioni.

"Unaona, mwanangu," alisema. "Shukrani si kumsifia mtu kila kitu. Ukimshukuru mtu kweli, utachukua taabu ya kutazama vizuri, utamwambia ulichokiona, na utachagua maneno yasiyomwumiza bure. Bibi Mathilde alikupa uji hata ulipokuwa mchungu mdomoni mwako, nao ukakuponyesha. Nawe umempa wako, ule wa ukweli."